Maiki zisizo na waya zinapokatika au kuingiliwa katikati ya hafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kati ya malalamiko yote ya maiki zisizo na waya, moja hurudi kuliko mengine: asubuhi ukumbi ulipokuwa mtupu kila kitu kilikuwa safi, jioni watu walipojaa sauti ikaanza kukatika, kukwaruza au kutoa mvumo. Majibu haya yanamlenga anayekaa nyuma ya miksa saa hiyo. Yanahusu zaidi maiki za bendi ya UHF, yaani zile za mamia ya MHz, kwa kuwa ndizo zinazotumika kwenye hafla nyingi. Zile za 2.4 GHz zina swali lao huko mbele.

Maiki imeanza kukatika. Nianzie wapi?

Anza na macho kabla ya mikono. Wengi hukimbilia miksa na kupandisha sauti, na hapo tatizo linakuwa mawili. Nenda kwenye risiva uangalie vipimo vyake viwili. Kimoja kimeandikwa `RF`, nacho kinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye antena. Kingine kimeandikwa `AF` au `AUDIO`, nacho kinaonyesha sauti iliyotoka ndani ya mawimbi hayo. Mwombe mtu aongee kwenye maiki huku ukiangalia vyote viwili kwa pamoja.

Ikiwa vijiti vya `RF` vinaanguka kila sauti inapokatika, mawimbi hayafiki. Sababu itakuwa umbali, kizuizi, antena au betri. Ikiwa `RF` imejaa lakini sauti imechafuka, kuna mawimbi ya mtu mwingine au kitu kingine kwenye masafa yako. Na ikiwa `RF` imetulia kabisa huku `AF` inapotea na kurudi, hasa mzungumzaji anapogeuza kiuno, acha kufikiria mawimbi. Hapo mwenye kosa ni waya wa maiki ya kola au plagi yake pale inapoingia kwenye transmita. Shika plagi hiyo, itikise taratibu, utasikia. Na kama `AF` nayo haitikisiki lakini spika zinakata, basi risiva haina kosa. Angalia waya unaotoka risiva kwenda kwenye miksa.

Nitajuaje kwa hakika kwamba naingiliwa?

Zima transmita ya maiki hiyo, acha risiva ikiwa imewaka, halafu tazama `RF`. Risiva isiyo na maiki yake inatakiwa ionyeshe giza, au labda kijiti kimoja kinachocheza cheza. Vikibaki vijiti viwili, vitatu au zaidi, kuna mgeni kwenye masafa yako, na wala hukuhitaji kifaa cha bei kubwa kumwona.

Jaribio hili huchukua sekunde tano na lingepaswa kufanywa kwa kila chaneli kabla ya watu kuingia. Lakini lifanye vizuri: zima maiki *moja* tu, nyingine zote ziache zinawaka. Sababu utaiona kwenye swali la maiki nne hapo chini.

Mbona asubuhi zilikuwa safi?

Kwa sababu asubuhi hukuwa kwenye ukumbi ule ule. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya redio. Ukumbi mtupu ni uwanja wazi, ukumbi uliojaa ni msitu. Risiva iliyowekwa mezani nyuma ya ukumbi ilikuwa ikiona jukwaa moja kwa moja, sasa inaona migongo. Watu wakisimama kushangilia, hata ile nafasi finyu iliyobaki juu ya vichwa inazibwa.

Juu ya hilo, jioni skrini kubwa imewashwa, simu mamia zimeingia, na maiki zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja badala ya moja moja kama ulivyozijaribu. Kila kimoja kati ya hivi kinatosha kuleta shida, na mara nyingi vinakuja pamoja.

Antena ziwekwe wapi?

Mahali zinapoiona maiki. Ukisimama pale antena ilipo usiione maiki mkononi mwa mzungumzaji, antena nayo inapata tabu kuiona. Ziinue juu ya vichwa vya watu waliosimama. Stendi ya maiki iliyorefushwa hadi zaidi ya mita mbili inatosha kabisa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni risiva iliyofungwa ndani ya kabati la chuma, antena zake fupi zikiwa nyuma, zimebanwa katikati ya nyaya za umeme. Chuma kinazuia mawimbi. Zitoe mbele, au utumie waya mfupi kuzipeleka nje ya kabati. Zielekeze kama herufi V, kila moja ikiwa imelala kidogo upande wake, maana mzungumzaji haishiki maiki wima muda wote. Na usiziache zigusane. Kwenye masafa ya 600 MHz wimbi moja lina urefu wa sentimita 50, hivyo antena mbili zitenganishwe angalau robo ya hiyo, kama sentimita 12 au 13. Zaidi ya hapo ni bora zaidi.

Umbali nao uutazame kwa makini. Ukiuongeza mara mbili, nguvu ya mawimbi inabaki robo. Risiva iliyoko mita 40 kutoka jukwaani ukiisogeza hadi mita 10, imepata nguvu mara kumi na sita zaidi bila kununua chochote.

Miksa iko mwisho wa ukumbi. Si bora nivute waya mrefu wa antena?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujiumiza. Waya wa antena hula mawimbi. Ule mwembamba wa aina ya RG58, ukiwa na urefu wa mita 10 tu, unakula zaidi ya nusu ya nguvu kwenye masafa haya, kwa hiyo ukivuta mita 30 kinachofika kwenye risiva ni chembe tu.

Fanya kinyume chake. Iache risiva karibu na jukwaa, pembeni, kisha vuta waya wa sauti wa XLR kwenda kwenye miksa. Waya huo wa sauti unaenda mita 50 na zaidi bila kulalamika. Utakachokosa ni kuona vipimo vya risiva ukiwa umekaa kwenye kiti chako, kwa hiyo mweke msaidizi pale pembeni mwenye jukumu la kuviangalia.

Maiki inakata sehemu moja tu ya jukwaa, mzungumzaji akisogea hatua moja inarudi. Ni uchawi?

Ni mwangwi wa mawimbi. Mawimbi yanafika kwenye antena kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda kwenye ukuta, paa la bati au nguzo za chuma. Yakikutana yakiwa yanapingana, yanafutana. Mahali pa kufutana ni padogo sana, ndiyo maana hatua moja inaokoa.

Risiva yenye antena mbili ilibuniwa kwa ajili ya hili: A ikikosa, B inapata. Hebu angalia taa za `A` na `B` wakati mtu anatembea. Zinapaswa kupokezana. Ikiwa A inawaka muda wote na B haijawahi kuwaka hata mara moja, kwa vitendo una antena moja tu. Kaza kiungio cha B, badilishana antena uone kama tatizo linahama nayo. Nimewahi kukuta antena ya pili imewekwa kwa urembo tu, pini yake ya katikati imevunjika zamani.

Angalia pia mkono wa mzungumzaji. Maiki nyingi za mkononi zina antena kwenye kitako, na mtu anayeishika kwa kukifumbata kitako anaifunika. Kwa transmita ya kiunoni, kosa ni waya wa antena kuviringishwa ukaingizwa ndani ya nguo, ukabanwa na ngozi yenye jasho. Uninginie ukiwa umenyooka.

Nina maiki nne. Kila moja peke yake ni safi, zikiwaka zote ya tatu na ya nne zinakwaruza. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalostahili muda wako kuliko yote hapa, kwa sababu anayelipata hulaumu ukumbi, hulaumu simu, hulaumu chapa ya maiki, kumbe maiki zake zinagombana zenyewe.

Chukua mfano huu. Aliyezipanga alitaka mpangilio nadhifu, akaacha pengo sawa la 0.4 MHz kati ya kila maiki na inayofuata: 607.000, 607.400, 607.800 na 608.200. Kwa macho inapendeza, lakini transmita mbili zikikaribiana, mawimbi yao yanachanganyika ndani ya saketi zao na kuzaa mawimbi mapya ambayo hakuna aliyeyaomba. Yanayosumbua zaidi hupatikana hivi:

```
2 x 607.400 - 607.000 = 607.800
2 x 607.800 - 607.400 = 608.200
607.400 + 607.800 - 607.000 = 608.200
```

Tazama majibu. Maiki ya kwanza na ya pili zimemzaa mtoto aliyekaa juu kabisa ya maiki ya tatu. Ya nne ina watoto wawili juu yake. Ndiyo maana ukijaribu moja moja hukuti kitu.

Kuthibitisha ni rahisi. Zima transmita ya tatu, nyingine ziache, uzikusanye karibu na risiva. `RF` ya chaneli ya tatu inaonyesha vijiti ingawa maiki yake imezimwa. Sasa zima ya kwanza. Vijiti vikishuka ghafla, umempata mzazi.

Dawa ni kuvunja usawa wa mapengo: pengo kati ya maiki zozote mbili lisifanane na pengo kati ya nyingine zozote mbili. Kwa maiki nne, anza popote kisha panda kwa hatua 0, 1, 4 na 6. Hatua ikiwa 0.4 MHz na mwanzo ukiwa ule ule, unapata 607.000, 607.400, 608.600 na 609.400. Mapengo yake yote ni tofauti: 0.4, 0.8, 1.2, 1.6, 2.0 na 2.4. Piga ile hesabu ya juu kwa jozi yoyote, utaona watoto wote wanaangukia mahali pasipo na maiki. Kwa maiki tano tumia hatua 0, 1, 4, 9 na 11.

Nambari zenyewe usizinakili, maana huenda kwako hapo kuna kituo cha televisheni. Kinachonakiliwa ni mpangilio wa hatua. Na kama risiva zako zina makundi tayari, yanayoandikwa `GROUP` na `CHANNEL`, mtengenezaji ameshakufanyia hesabu hii. Sharti lake ni moja: maiki zote zibaki ndani ya kundi moja. Ukichukua mbili kutoka kundi la 1 na mbili kutoka kundi la 3, umerudi kwenye kubahatisha. Ndivyo ilivyo pia ukichanganya chapa mbili, kwa kuwa makundi ya chapa moja hayaijui nyingine.

Halafu kuna tabia ya kuweka maiki zote zinazosubiri mezani, zikiwa zimewaka, zimelala bega kwa bega juu ya risiva. Hapo mchanganyiko unakuwa mkali kuliko jukwaani. Zisogeze mita tatu au zaidi kutoka kwenye antena, na uziachie nafasi kati yake.

Nitafutaje masafa safi hatua kwa hatua?

Zima transmita zote. Washa kila kitu kingine kitakachowaka wakati wa hafla: skrini, taa, kompyuta, ruta za Wi-Fi, na transmita za spika za masikioni za wanamuziki kama zipo. Tumia `SCAN` kwenye risiva ya kwanza, ipe kundi lenye chaneli nyingi zilizo wazi. Kisha oanisha maiki ya kwanza, iwashe, iache imewaka mita kadhaa kutoka kwenye risiva. Nenda ya pili, ndani ya kundi lile lile. Endelea hivyo, kila uliyomaliza ikibaki imewaka, hadi ya mwisho.

Kinachowapotosha watu ni kuskani huku maiki zao zinawaka. Risiva inaziona kama wageni na kuzikwepa, wanaishia kupewa chaneli mbovu.

Baada ya hapo, tembea. Chukua maiki moja, ongea bila kukatiza, zunguka jukwaa lote na kila mahali mzungumzaji anaweza kushuka, mwenzio akiangalia `RF`. Zungukia hata nyuma ya skrini. Ikishuka mahali fulani, sogeza antena sasa, kabla ya wageni.

Kelele imeanza skrini kubwa ya LED ilipowashwa. Ni bahati mbaya?

Si bahati mbaya. Vifaa vya umeme vilivyo ndani ya skrini hizo, hasa zisizo na kinga nzuri, hutapika kelele kwenye eneo pana la masafa. Hiyo kelele haiingii kwenye chaneli moja ukaikwepa, inapandisha sakafu ya chaneli zote. Maiki yako bado inatuma nguvu ile ile, ila sasa inapiga kelele ndani ya soko.

Jaribu: transmita zimezimwa, skrini imezimwa, soma `RF`. Washa skrini, soma tena. Vikipanda vijiti, sogeza antena mbali nayo, mita tano kwa kuanzia, na usiziweke nyuma yake wala juu ya nguzo zake. Antena bapa zinazoelekea upande mmoja zinasaidia sana hapa, kwa sababu mgongo wake hausikii vizuri. Ziweke mgongo ukiwa kwenye skrini na uso kwa mzungumzaji.

Maiki zangu ni za 2.4 GHz. Haya yote yananihusu?

Kwa sehemu. Bendi hiyo unagawana na Wi-Fi, Bluetooth na kila simu iliyoingia mlangoni, na miili ya watu inainyonya zaidi kuliko inavyonyonya UHF. Maiki hizi hubadilisha chaneli zenyewe, na kwa mkutano mdogo hufanya kazi vizuri. Kwa umati mkubwa mimi sizitegemei. Ukilazimika, weka risiva mita chache tu kutoka kwa mzungumzaji, isogeze mbali na ruta, na waombe wenye ukumbi wahamishie Wi-Fi yao kwenye 5 GHz.

Kuna mlio wa "du-du-du-duuu" kwenye spika. Nibadilishe masafa?

Usibadilishe. Huo ni mlio wa simu inayowasiliana na mnara, na mara nyingi unaingia kwa njia ya waya za sauti zenye kinga hafifu, si kwa antena ya risiva. Utaona `RF` haitikisiki. Tafuta simu iliyowekwa juu ya miksa, au iliyo mfuko mmoja na transmita ya kiunoni, iondoe.

Nikipandisha `SQUELCH`, au nguvu ya transmita, si nitamaliza tatizo?

`SQUELCH` ni mlango unaofungwa mawimbi yakiwa dhaifu, ili usisikie mvumo. Ukiupandisha unaficha kelele, lakini pia unafupisha umbali ambao maiki inafanya kazi, hivyo kukwaruza kunageuka kukatika. Iache ilivyotoka kiwandani hadi umemaliza mengine yote.

Nguvu ya transmita nayo ina makali pande mbili. Kwa maiki moja kwenye ukumbi mkubwa, `HIGH` inasaidia. Kwa maiki nane jukwaa moja, kupandisha zote kunawakuza wale watoto wa mchanganyiko haraka kuliko maiki zenyewe. Hapo `LOW` na antena zilizosogezwa karibu huwa safi zaidi.

Betri inaonyesha imejaa, bado inakata.

Angalia aina iliyochaguliwa kwenye menyu. Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2, za alkalini mpya zina 1.5, na kipimo kilichowekwa kwa aina moja kinadanganya kwa nyingine. NiMH hubaki palepale kwa saa nyingi kisha huporomoka ndani ya dakika chache. Badilisha kwa kuhesabu saa ilizotumika, usisubiri kijiti cha mwisho. Chunguza na springi za betri pia. Zikilegea, maiki inazima kila inapogongwa.

Maiki nilizonazo ni za zamani, nambari zake zinaanzia 700 au 800 MHz. Zina shida gani?

Sehemu kubwa ya masafa hayo imehamishiwa simu za mkononi. Kwa Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2015 ulikamilisha kuifungulia huduma za simu bendi ya 694 hadi 790 MHz, na ile ya juu yake, hadi 862, ilitangulia. Nchini Marekani hata sehemu kubwa ya 600 MHz ilifungwa kwa maiki Julai 2020. Mnara wa simu ukiwashwa karibu na ukumbi wako, hakuna antena itakayokuokoa, na mwenye haki ya masafa si wewe. Soma nambari zilizo kwenye kibandiko cha transmita ulinganishe na bendi zinazoruhusiwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi uliyopo.

Imekata sasa hivi, mgeni rasmi yuko jukwaani. Nifanye nini?

Shusha fada ya chaneli hiyo kwanza, ili ukumbi usisikie ile mikwaruzo. Mpelekee maiki ya waya. Iwe tayari kwenye stendi pembeni ya jukwaa, imechomekwa na kujaribiwa, chaneli yake kwenye miksa ikiwa na alama. Usibadilishe masafa ya maiki iliyo mkononi mwake, maana utahangaika kuoanisha mbele ya watu wote, na masafa mapya yanaweza kugongana na maiki nyingine zilizokuwa salama.

Ukishapata nafasi ya kupumua, ichukue maiki iliyokata, izime, kaa mbele ya risiva uangalie `RF`. Ikibaki giza, weka betri mpya na utazame antena. Ikibaki imewaka, zima nyingine zisizotumika, moja baada ya moja, hadi vijiti vishuke.